Akiba ya Muscat na kuku wa mayai 1,000: je, zitatosha?

*Shikamoo mtaalamu. Nipo Muscat mwaka wa sita sasa, kazi za ndani. Mkataba wangu unaisha na sitaki kuongeza mwingine. Nina akiba ya riali 3,400, ambayo nikipiga hesabu inakaribia milioni 22 za nyumbani. Nataka kufuga kuku wa mayai 1,000 kwenye kiwanja cha familia Muheza. Kaka yangu anasema nimtumie milioni 6 aanze banda ili nikifika nikute limeshasimama. Nina watoto wawili wanaoishi na mama. Naomba unisaidie mpango, na uniambie ukweli kama hizo fedha zinatosha.*

Marahaba dada. Kwa kuku 1,000 hazitoshi. Kwa kuku 400 zinatosha na zinabaki. Nitakuonyesha kwa nini nimesema 400, maana ukielewa hesabu yake utaweza kuirudia mwenyewe kwa bei za Muheza siku utakapofika. Bei nitakazotumia ni za kukadiria, kwa hiyo kila moja uiulize upya dukani.

Shida ya kuku wa mayai ni kwamba wanakula miezi mitano kabla ya kukupa chochote. Kifaranga anaingia bandani akiwa na siku moja, yai la kwanza linaonekana wiki ya 18 hadi ya 20, na kundi zima linashika kasi kuanzia wiki ya 25 hivi. Tangu aingie mpaka wiki ya 20, kuku mmoja anamaliza karibu kilo 8 za chakula ukihesabu na kile kinachomwagika. Hizo kilo 8 ndizo mtaji wenyewe. Banda linaonekana, watu wanalisifia na unaweza kulipiga picha, lakini biashara hii huishia kwenye mfuko wa chakula.

Sasa tazama milioni 22 zikiingia kwenye kuku 1,000. Kuku wa mayai wanaofugwa chini, kwenye maranda, wasizidi watano kwenye mita moja ya mraba. Kuku 1,000 wanataka mita 200. Banda la kawaida, ukuta mfupi wa tofali, juu wavu, bati na nguzo, tulichukulie shilingi 50,000 kwa mita. Hapo milioni 10 zimeondoka. Vyombo vya maji na chakula, tangi, taa na vifaa vya kulelea vifaranga, milioni 2. Vifaranga 1,000 na vichache vya nyongeza kwa 3,200 kila kimoja, milioni 3.3. Chanjo, dawa, mkaa na maranda, milioni 1.2. Umebaki na milioni 5.5 na bado hamjala nyumbani. Miezi miwili ya ujenzi na miwili na nusu ya kulea vifaranga, kwa matumizi ya 400,000 kwa mwezi, inakula milioni 1.8 nyingine. Kilichobaki, milioni 3.7, kinanunua mifuko 60 ya kilo 50 kwa shilingi 62,000. Hiyo ni kilo 3,000, yaani kilo 3 kwa kila kuku. Kuku anamaliza kilo 3 akiwa na wiki ya 11.

Kwa hiyo wiki ya 11 una banda zuri, kuku 1,000 wenye njaa, na unahitaji mifuko mia nyingine, zaidi ya milioni 6, kabla ya kuona yai. Hapo ndipo wengi waliorudi kutoka nje wanapokwama, na wanachofanya wote kinafanana. Kwanza wanapunguza kipimo. Halafu wanachanganya pumba za mahindi, kisha zinabaki pumba tupu. Kuku hafi kwa pumba, na hilo ndilo linalodanganya. Anadumaa. Ukimpima wiki ya 18 unakuta hajafikia kilo moja na nusu ambayo kuku wa kahawia wa kisasa anatakiwa awe nayo au aikaribie. Atataga wiki ya 24 au 25, mayai madogo, na kundi halitafika kilele chake hata ukilishibisha baadaye. Wengine wanauza nusu ya kundi wakiwa matetea wadogo, kwa bei isiyorudisha hata chakula walichokwisha kula.

Ulipokuwa Muscat, fedha ikiisha tarehe 20 ulijua mshahara unakuja. Ukisharudi, hizo milioni 22 ndizo mshahara wako, mtaji wako na matibabu ya mama, zote kwa pamoja. Ndiyo maana naanza mpango kwa kutoa fedha za watu kabla ya fedha za kuku.

Matumizi ya nyumbani yatengewe miezi kumi, milioni 4. Usiseme utakula mayai yakianza, maana mayai yakianza yana deni la chakula cha siku hiyo hiyo. Dharura, milioni 2. Na milioni 1 ya ndugu. Hiyo ya ndugu usinicheke. Umekaa nje miaka sita, utafika na watu watakuja kukuamkia, yupo atakayekuwa na msiba na yupo atakayekuwa na ada ya mtoto. Ukisema hutatoa kitu utatoa tu, ila utatoa kutoka kwenye fedha za chakula cha kuku. Afadhali iwe na fungu lake, na likiisha useme limeisha.

Zimebaki milioni 15. Kuku 400 wanataka banda la mita 80, milioni 4. Vyombo, tangi na taa, milioni 1.2. Vifaranga 410, milioni 1.3. Chakula mpaka wiki ya 20 ni kilo 3,200, mifuko 64, tuseme milioni 4. Chanjo, mkaa na maranda, nusu milioni. Halafu milioni 2 za chakula cha akiba, kwa sababu kati ya wiki ya 19 na ya 23 kuku wanakula kama watagaji lakini mayai bado ni ya kuhesabu kwa vidole, na kundi likichelewa wiki mbili tatu unahitaji kitu cha kulivusha. Jumla milioni 13. Milioni 2 zinabaki na hazina kazi kwa sasa. Ziache hivyo hivyo.

Fedha za chakula zisikae kwenye simu wala kwenye akaunti unayotolea fedha za sokoni. Wako wanaoweka kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, ambako fedha inaongezeka kidogo na kuitoa kunachukua siku chache za kazi. Hizo siku chache zinasaidia: mtu akija na shida ya saa hiyo, fedha ya kuku haipo mkononi. Ukipenda, nunua chakula cha mwezi mmoja kwa mkupuo, lakini usizidishe hapo. Chakula kinachokaa kwenye joto na unyevu wa Tanga kinashika ukungu, na chakula chenye ukungu kinaua vifaranga.

Kuhusu kubadilisha riali. Riali ya Oman imefungwa kwa dola, riali moja ni karibu dola 2.60, kwa hiyo kinachopanda na kushuka ni shilingi dhidi ya dola. Mwaka 2024 dola moja ilipita shilingi 2,700, kisha kufikia Desemba ikashuka hadi karibu 2,400. Kwa riali zako 3,400, tofauti ya bei hizo mbili inazidi milioni 2.6. Hiyo ni mifuko 40 na ushee ya chakula. Sikuambii ubashiri bei, hakuna anayeijua. Nakuambia ubadilishe kwa mafungu: fungu la banda unapokaribia kujenga, la vifaranga unapoagiza, la chakula kila mwezi au miwili. Ukibadilisha zote siku moja umeweka kila kitu kwenye bei ya siku hiyo. Na kwa vile matumizi yako yote yatakuwa ya shilingi, usizikalie riali mwaka mzima ukingoja bei ipande.

Sasa mayai yakianza, hesabu inakuwaje? Kuku anayetaga anakula gramu 115 hivi kwa siku. Kuku 400 wanamaliza kilo 46, karibu mfuko mmoja. Mfuko wa chakula cha watagaji tuuchukulie 60,000, hiyo ni shilingi 55,200 kila siku, jua liwake mvua inyeshe. Wataalamu wa makampuni ya vifaranga watakutajia utagaji wa asilimia 90 na zaidi, na kweli inawezekana kwenye banda linaloendeshwa kitaalamu. Wewe panga kwa 80. Hiyo ni mayai 320, trei kumi na mayai 20. Kwa bei ya jumla ya 7,000 unapata kama 74,700. Ukitoa chakula unabaki na 19,500 kwa siku, karibu 585,000 kwa mwezi.

Andika namba nane ukutani bandani. Kwa bei hizo, trei nane za kwanza kila siku ni za chakula. Kinachozidi nane ndicho chako. Trei ikishuka hadi 6,000, namba hiyo inapanda hadi trei tisa na kidogo. Ukiona wiki nzima mnaokota trei nane au pungufu na kuku hawana ugonjwa wala hawako kwenye kubadilisha manyoya, jua unafuga kwa hasara na lazima utafute sababu siku hiyo, si mwisho wa mwezi.

Kisha kuna kitu ambacho wafugaji wapya hawakihesabu: kuku anazeeka. Akifikisha wiki ya 75 hadi 80 utagaji unashuka na inabidi auzwe, uanze upya. Kundi lako la 400 litakuwa limekugharimu karibu milioni 5.8 kulilea mpaka litage. Likizeeka, tuseme wamebaki 380 na unawauza kwa 9,000, unapata milioni 3.4. Pengo la milioni 2.4 lazima litoke kwenye mayai. Gawa kwa miezi 13 ya kutaga, ni karibu 180,000 kila mwezi za kuweka pembeni. Katika zile 585,000 zako, zinabaki 405,000. Ni matumizi ya nyumbani, basi. Mbolea itaongeza kidogo, wakulima wa mboga wananunua kwa gunia, lakini usiijengee ndoto.

Najua hiyo si namba uliyotarajia baada ya miaka sita ugenini. Lakini ni mshahara halisi, banda ni lako, na mtaji haujaliwa. Asiyetenga hizo 180,000 anajiona tajiri mwaka mzima, halafu kuku wanazeeka na hana cha kununulia vifaranga. Ukipita kwenye vijiji vingi utaona mabanda matupu yenye milango iliyofungwa kwa waya. Mengi hayakufungwa na ugonjwa.

Zile milioni 2 zisizo na kazi ndiyo mbegu ya kundi la pili. Kundi la kwanza likifika wiki ya 30, likiwa juu ya asilimia 75 na wanunuzi wako wanalipa, ongeza chumba na uingize vifaranga 200, si zaidi, uwalishe kwa sehemu ya faida. Makundi mawili ya umri tofauti yana faida kwamba wateja hawakosi mayai wakati moja linapozeeka. Ila usiwachanganye chumba kimoja, na kila asubuhi anza kuhudumia wadogo kabla ya wakubwa ili usiwapelekee magonjwa.

Kwenye ulezi nitagusa mawili tu, kwa sababu yanagusa fedha moja kwa moja. La kwanza ni chanjo. Ukinunua vifaranga uliza kama vimechanjwa dhidi ya ugonjwa wa Mareki vilikototolewa, maana ile hutolewa siku ya kwanza na huwezi kuifidia. Baada ya hapo ni kideri siku ya saba, gamboro siku ya 14, kisha marudio ya zote mbili kufikia wiki ya nne, na ndui kati ya wiki ya sita na ya nane. Kideri inarudiwa kila miezi mitatu. Ratiba yenyewe ithibitishe na afisa mifugo wa kata yako. Watu wanachanja na kuku bado wanakufa, na mara nyingi kosa ni maji. Chanjo ya kunywesha ni kiumbe hai, na maji ya bomba yenye dawa yanaiua. Tumia maji ya mvua au ya kisima safi. Wanyime kuku maji saa moja au mbili ili wawe na kiu, kisha uwape maji yenye chanjo kwa kiasi watakachomaliza ndani ya saa mbili, kwenye kivuli, na vyombo viwe vya kutosha ili wanyonge nao wanywe. Chanjo ibebwe na barafu kutoka dukani. Ukiona muuzaji anaitoa kwenye kabati badala ya friji, ondoka.

La pili ni joto. Muheza si Lushoto. Kuku akizidiwa na joto anapunguza kula, mayai yanakuwa madogo na ganda jepesi, na kwenye trei zako yanapasuka. Urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi ili jua lisipige ndani, ukuta usizidi usawa wa kiuno, juu iwe wavu mtupu, na paa liinuke. Haya hayaongezi gharama kama yakifanywa mwanzoni. Yakikosewa, kuyarekebisha ni kubomoa.

Na hapo tunamfikia kaka. Usimtumie milioni 6. Sisemi si mwaminifu, simjui. Nasema hivyo kwa sababu banda la kuku 1,000 hulihitaji, kwa sababu fundi asiyesimamiwa na mwenye fedha hujenga anavyojua yeye, na kwa sababu ya kiwanja. Kiwanja cha familia ni cha nani? Kama ni cha marehemu baba na mirathi haijafungwa, unajenga kwenye ardhi ya warithi wote. Leo mnapendana. Kuku wakianza kutaga, kila mmoja atakumbuka kuwa ana sehemu yake pale. Kabla ya tofali la kwanza, ndugu wakae, waandike kwamba eneo fulani, lenye vipimo na mipaka, unapewa au unalitumia kwa miaka kadhaa, wote wasaini, mashahidi wasaini, na mtendaji wa kijiji au wa mtaa agonge muhuri. Mama awepo. Kama hawakubali kuandika, umepata jibu lako mapema, na kukodi eneo kwa mtu baki kutakuwa rahisi kuliko kugombana na damu yako.

Kaka mpe kazi isiyohitaji mamilioni. Kila Jumamosi aulize bei ya trei kwa watu watatu: muuza chipsi, mwenye duka, na mnunuzi wa jumla anayepeleka Tanga mjini. Aulize pia bei ya mfuko wa chakula kwenye maduka mawili. Akutumie kwa ujumbe. Mpaka mkataba wako uishe utakuwa na bei za miezi, pamoja na za Ramadhani au za likizo za shule kama zitaangukia humo, na hesabu yangu yote hapo juu utaisahihisha kwa namba za kwenu. Utajua pia nani ananunua kwa fedha taslimu na nani husema nipe trei mbili nitakulipa jioni. Wauza chipsi ni wateja wazuri wa kila siku, lakini trei za mkopo zisizidi moja kwa mtu, na asiyelipa ya jana hapati ya leo. Na kama hizo ripoti za Jumamosi zitakuwa zinachelewa au zinakuja nusu nusu, utakuwa umejifunza kitu kuhusu kumkabidhi ujenzi.

Kitu kimoja cha mwisho kwa vile upo huko kwenye maduka: usinunue mashine ya kutotoleshea. Wengi wanarudi nayo kwenye kontena. Kuku wako watakaa bila jogoo na mayai yao hayatotoleki, na hata ungeweka jogoo, vifaranga vya kuku hawa wa kisasa havitagi kama mama zao. Kama una nafasi kwenye mzigo, weka mizani ndogo ya kuning'iniza inayosoma gramu. Utaitumia kila wiki kupima kuku 20 wa kukamata bila kuchagua, kuanzia wiki ya nne, na kulinganisha na jedwali utakalopewa na wauza vifaranga. Uzito ukibaki nyuma wiki mbili mfululizo, chunguza chakula kwanza: badilisha duka, au angalia kama vyombo vinatosha kuku wote kula kwa wakati mmoja. Kwa kundi lako, kila wiki moja wanayochelewa kutaga inakula mifuko mitano au zaidi.

Ukifika, nenda na TIN na uulize leseni kwa afisa biashara wa halmashauri kabla hujaanza kuuza. Na vifaranga uviagize mapema, banda likiwa kwenye hatua ya kuezekwa, kwa sababu wauzaji wanaoaminika wana foleni ya wiki kadhaa. Wanaokupa leo leo wanakupa vilivyokataliwa na mwingine.